Kontena langu ni zima, mbona nalipishwa moto wa meli?

*"Mtaalamu habari za kazi. Nina kontena moja la futi 40, vyombo vya jikoni kutoka Ningbo kuja Dar, nilinunua kwa C&F, invoisi dola 52,000. Meli ikashika moto njiani ikavutwa mpaka Colombo. Juzi nimepata emaili kwamba kontena langu ni zima, moto haukulifikia, ila ili liachiwe niweke dhamana, asilimia 22 ya uokoaji na asilimia 8 ya jenero avareji. Bima sikukata. Wakala wangu wa forodha anasema nisilipe, ni wizi tu. Nifanye nini?" (Msomaji, Kariakoo)*

Pole sana dada yangu. Nianze na hilo la wizi maana ndo litakalokugharimu ukilifuata. Inawezekana emaili yenyewe ikawa ya matapeli, na hilo nitakwambia chini namna ya kulihakiki, lakini kama meli kweli ilishika moto na kweli ilivutwa Colombo, basi hayo madai yana msingi wa kisheria na ni ya zamani kuliko kampuni zote za meli unazozijua. Sheria za Warumi zilizokusanywa karne ya 6 zina sehemu nzima inayotaja sheria ya bahari ya watu wa Rodo: mizigo ikitoswa baharini ili meli iwe nyepesi isizame, basi hasara ya aliyetoswa mzigo wake ilipwe na wote waliookolewa kwa kutoswa huko. Sheria ni hiyo hiyo mpaka leo na ndiyo inaitwa jenero avareji, tofauti ni kwamba siku hizi mizigo haitoswi mara nyingi, kinachofanyika ni kumwaga maji kwenye moto, kuita tagi za kuvuta, kuingia bandari ambayo haikuwa kwenye safari na kuhamisha makontena mia kadhaa ili wafike kwenye lile linaloungua.

Kanuni zinazotumika zinaitwa kanuni za York na Antwerp, zimeanza karne ya 19 na zinafanyiwa marekebisho kila baada ya muda, toleo la karibuni ni la mwaka 2016 lakini meli nyingi bado BL zao, yaani hati za kusafirishia mzigo, zinataja la 1994. Geuza BL yako uangalie nyuma, yale maandishi madogo, kuna kipengele kinasema jenero avareji itakokotolewa kwa kanuni za York na Antwerp za mwaka fulani. Kwa hiyo ulipoipokea hiyo BL ulishakubali, hata kama hakuna mtu aliyekusomea.

Sasa siyo kila hasara ya baharini inaingia humu, na hapa watu wengi wanachanganya. Ili iwe jenero avareji lazima kuwe na hatari ya kweli iliyoikabili meli na mizigo yote kwa pamoja, halafu nahodha au waliokuja kuokoa waamue kwa makusudi kuharibu kitu au kutumia hela isiyo ya kawaida ili kuokoa vyote, na uamuzi uwe wa busara kwa hali ilivyokuwa. Dhoruba ikipiga makontena 30 yakadondoka yenyewe baharini, hapo hakuna aliyetoa chochote kafara, kila mwenye kontena anabeba hasara yake. Ila nahodha akiamua mwenyewe kuyasukuma makontena hayo 30 kwa sababu meli imelala upande na itapinduka, hapo wote mnachangia. Jambo lile lile, makontena yale yale chini ya bahari, lakini moja ni bahati mbaya na lingine ni kafara.

Kwenye moto hili linakuwa gumu kidogo kwa sababu moto wenyewe ni ajali ila kuuzima ni kafara, na vyote viwili vinatokea saa ile ile kwenye shimo moja la meli. Ngoja nikupe mfano wa makontena manne, yote ya thamani kama yako dola 52,000, nimetengeneza hesabu nyepesi ili uone namna inavyotembea, namba halisi za meli yako zitakuwa nyingine.

Chukua kwamba vitu vyote vilivyonusurika vina thamani ya dola milioni 100: meli yenyewe milioni 40, mizigo milioni 58, na milioni 2 ni mafuta na makontena matupu ya kampuni. Humo kwenye milioni 58 wamejumlisha pia mizigo iliyoharibiwa kwa makusudi, utaona sababu sasa hivi. Gharama ni hizi: waokoaji wametunukiwa milioni 9, bandari ya Colombo na kukaa kule na kupakua na kupakia upya milioni 2, uharibifu wa meli uliotokana na maji ya kuzimia moto laki 5, na mizigo ya watu iliyolowa kwa maji hayo hayo milioni 2 na laki 5. Jumla milioni 14. Kwa hiyo kila chenye thamani kinachangia asilimia 14.

Kontena la kwanza ni lako, zima kabisa. Unachangia asilimia 14 ya 52,000 ambayo ni dola 7,280.

Kontena la pili lilikuwa na vitambaa vya sofa, moto haukulifikia, ila lilikuwa jirani na walikomwagia maji ya chumvi siku tatu mfululizo, vitambaa vyote vimeoza. Huyu alitolewa kafara kwa ajili yenu, kwa hiyo anafidiwa 52,000 yake lakini na yeye anachangia asilimia 14 kama wewe, anaondoka na 44,720. Hasara yake ni 7,280, sawasawa na yako mpaka senti. Hapo ndo akili ya hii kitu ilipo dada, na ndo maana fidia yake inahesabiwa kama thamani iliyonusurika, vinginevyo aliyelowa angetoka na hela kamili halafu wewe mwenye kontena zima ukawa umeumia kuliko yeye. Lengo ni kwamba asiwepo mtu wa kusema bora langu lilowe au bora langu libaki.

Kontena la tatu liliungua lenyewe likawa majivu. Huyu hapati kitu na hachangii kitu, maana hakuna aliyechagua kulichoma, ni ajali, na hana thamani iliyofika salama ya kuchangishwa. Kama alikuwa na bima anadai bima, kama hakuwa nayo basi.

Kontena la nne lina mashuka, halikuungua wala halikulowa lakini limeingia moshi na joto, mzigo umebaki na thamani ya dola 20,000 tu. Huyu anaumia mara mbili. Kanuni inasema wazi kwamba uharibifu wa moshi au joto haufidiwi kwenye jenero avareji hata uwe umesababishwa vipi, na bado anachangia kwenye ile 20,000 iliyobaki, yaani dola 2,800. Mimi naona ni kali lakini sababu yake naielewa, maana zamani watu walikuwa wanabishana miaka kuhusu moshi upi ulitoka kabla ya maji na upi ulitoka baada, ikaonekana bora kuufunga mjadala.

Nimerahisisha, uokoaji una hesabu yake pembeni na thamani za bandari ya Colombo na za Dar zinaweza kutofautiana, lakini mifupa ya hesabu ndo hiyo.

Sasa rudi kwenye emaili yako. Zile asilimia 22 na 8, jumla dola 15,600, siyo bei unayolipa, ni dhamana. Wewe mwenyewe ona kwenye mfano wangu mchango ulikuwa 7,280, ukiwa umeweka 15,600 unarudishiwa 8,320. Wanaweka juu kwa sababu meli ikishaachia mizigo hawawezi kuwafuata wafanyabiashara elfu kadhaa waliotawanyika nchi 50 kuwaambia hela haikutosha, kwa hiyo wanakadiria hali mbaya zaidi halafu wanajilinda. Meli ya Maersk Honam ilishika moto tarehe 6 Machi 2018 kwenye Bahari ya Arabia, mabaharia watano wakafa, ilikuwa na makontena 7,860, na wenye mizigo iliyonusurika walitakiwa kuweka dhamana asilimia 42.5 ya uokoaji na asilimia 11.5 ya jenero avareji, yaani asilimia 54 ya thamani ya mzigo. Zaidi ya nusu! Kwa hiyo 30 yako inauma lakini siyo ya ajabu. Na siyo moto tu, Ever Given ilipokwama Suez Machi 2021 na makontena kama 18,300 haikuungua wala haikutoboka, ila tagi na uchimbaji wa kuikwamua vilitosha, mwenye meli akatangaza jenero avareji Aprili hiyo hiyo.

Zipo mbili kwa sababu wanaokudai ni wawili. Asilimia 22 ni ya waokoaji, wale wenye tagi waliokuja kuvuta. Mara nyingi wanafanya kazi kwa mkataba wa usipookoa hulipwi, na wakiokoa malipo yao yanapangwa baadae kwa kuangalia thamani ya vilivyookolewa na hatari waliyoingia, kwa hiyo na wao wana haki ya kushikilia mzigo pale pale Colombo mpaka wapate dhamana. Asilimia 8 ni ya mwenye meli kwa gharama zingine, na yeye anashikilia kwa kutokukupa DO, ile hati ya kuachia mzigo. Ukiweka moja ukaacha nyingine kontena halitoki. Kuna watu wameweka ya jenero avareji wakashangaa mzigo haupandishwi meli ya kuja Dar, kumbe waokoaji bado hawajaridhika.

Hatua zako sasa. Kwanza hakiki. Usipige namba iliyo kwenye emaili, piga kwa wakala wa kampuni ya meli hapa Dar kwa namba unayoijua siku zote, au nenda ofisini kabisa, uliza kama jenero avareji imetangazwa, siku gani, na nani ajasta aliyeteuliwa. Ajasta ni mtaalamu anayepiga hesabu yote hii, anateuliwa na mwenye meli lakini kazi yake anatakiwa aifanye bila kupendelea upande. Barua ya kweli itakuwa na jina la meli na namba ya safari, namba ya BL yako, namba ya kontena, na tarehe ya tukio, na namba ya akaunti uihakiki kwa simu na ofisi ya ajasta kabla hujatuma hata shilingi. Matapeli wanajua meli ipi imeungua, habari ziko wazi, ila BL yako na kontena lako kuvipata pamoja ni ngumu kidogo, japo haishindikani.

Pili, kabla hujakubali kwamba huna bima tafuta tena kwenye karatasi. Umesema C&F, kwa kawaida hapo muuzaji analipia nauli tu na bima hamna. Lakini nimeona invoisi imeandikwa C&F juu halafu chini kuna mstari wa bima, au muuzaji ana bima ya jumla inayofunika mizigo yake yote, kwa hiyo mwandikie muuzaji wako leo, swali moja tu, kama kuna cheti chochote cha bima kwa mzigo huu. Kikiwepo hata kile cha chini kabisa, klozi C, umepona, kwa sababu klozi A, B na C zote tatu zinafunika mchango wa jenero avareji na uokoaji. Watu wanadhani klozi C haina faida kwa vile haifuniki wizi wala kulowa kwa mvua, lakini kwenye balaa kama hili inafanya kazi sawa na A. Hapo bima inasaini karatasi ya garantii kwa ajasta na wewe hutoi pesa mfukoni, unasaini tu avareji bondi, nitaieleza hapo chini.

Na wakala wako akikwambia nenda kakate bima sasa hivi, mkatalie. Najua wengi hukata bima siku ya kutoa mzigo ili karatasi ikamilike, na Kenya ambako tangu Januari 2017 serikali imekaza kwamba mizigo inayoingia ikatiwe bima ndani ya nchi nako utamkuta mtu anakata meli ikiwa imeshafika. Bima ya mzigo ambao unajua tayari umepata janga hailipi, na ukificha kwamba unajua ni udanganyifu.

Tatu ni karatasi yenyewe. Kuna avareji bondi, hiyo kila mwenye mzigo anasaini awe na bima asiwe nayo, ni ahadi kwamba utalipa mchango utakaopangwa kisheria. Unaambatanisha invoisi ya biashara, pakingi listi na BL. Kwa asiye na bima kinafuata kuweka fedha taslimu kwenye akaunti maalum, siyo akaunti ya kawaida ya kampuni ya meli, na unapewa risiti ya amana. Hiyo risiti dada iweke na hati za nyumba. Hesabu ya ajasta inachukua miaka, miaka miwili ukibahatika na mara nyingi zaidi ya hapo, na siku ya kurudishiwa chenji wataiulizia. Nimeshaona mtu kafunga kampuni, kabadilisha simu na emaili, dola elfu kadhaa zake zimekaa hana habari. Ukibadilisha anwani wajulishe.

Kama 15,600 taslimu huna, ongea na benki yako kuhusu dhamana ya benki. Baadhi ya maajasta wanaipokea ikitoka benki inayojulikana, waulize maneno gani wanataka yaandikwe kabla benki haijaandika. Na waulize pia kama kiwango kinaweza kupunguzwa, hasa kile cha uokoaji, maana wiki za mwanzo makadirio yanakuwa ya juu sana halafu baadae yakijulikana zaidi wakati mwingine wanashusha. Lakini usingoje kwa matumaini tu. Kontena lililokaa Colombo linahesabiwa siku, na likija Dar bila DO linakula storeji ya bandari na demareji ya kontena, na hizo gharama za kuchelewa kwako wewe haziingii kwenye jenero avareji, ni zako peke yako. Kwa mzigo wa vyombo vya jikoni, mwezi mmoja wa kubishana unaweza kuwa umekula faida yote.

Sasa kuna jambo ambalo hukuuliza ila lazima nikuulize mimi, na unijibu moyoni mwako: hiyo invoisi ya dola 52,000 ndiyo ya kweli? Sote tunajua pale mjini kuna watu wana invoisi mbili, moja ya muuzaji na moja ya kuonyesha forodhani. Mchango wa jenero avareji unakokotolewa kwa thamani halisi ya mzigo pale safari ilipoishia, pamoja na nauli na bima, na ushahidi wake ni invoisi ya biashara. Kanuni ya 19 ya York na Antwerp inasema mzigo ulioandikishwa kwa thamani ya chini kuliko ya kweli, ukiharibiwa kama kafara unafidiwa kwa ile thamani ndogo uliyoandikisha, ila ukinusurika unachangia kwa thamani yake halisi. Yaani umefungwa pande zote mbili. Na mwenye bima naye asijione salama, kama kakata bima ya 30,000 kwa mzigo wa 52,000 bima itabeba sehemu tu ya mchango, kwa uwiano, na kinachobaki ni chake. Usijaribu kumpelekea ajasta invoisi tofauti na ile iliyoko forodha, zikikutana siku moja utakuwa na kesi kubwa kuliko hii dhamana.

Halafu kuna hili la kosa. Najua utajiuliza, kama moto umesababishwa na uzembe wa meli mbona nichangie mimi? Swali zuri sana, na jibu ni kwamba mchango unapigwa hesabu kwanza bila kuangalia nani alikosea, halafu wewe unabaki na haki ya kumkatalia mwenye meli kulipa ukithibitisha kwamba hatari ilitokana na meli kutokuwa katika hali ya kusafiri salama, na yeye akashindwa kuonyesha kwamba alifanya bidii inayotakiwa kabla ya kuondoka bandarini. Kesi ya kuijua hapa ni ya CMA CGM Libra. Ilikwama kwenye kina kifupi tarehe 17 Mei 2011 ikitoka Xiamen, China, kwa sababu nahodha alitoka nje ya njia iliyowekewa maboya, na ule mpango wa safari uliochorwa kabla ya kuondoka haukuandika onyo kwamba vina vilivyo kwenye ramani haviaminiki. Gharama zilifika dola kama milioni 13, wenye mizigo karibu wote wakalipa, ila kama asilimia 8 wakakataa, walichodaiwa kilikuwa kama dola laki 8. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Uingereza ambayo Novemba 2021 iliamua kwamba mpango mbovu wa safari unaifanya meli isiwe salama kwa safari, na waliokataa hawakulipa.

Wakala wako akisikia hiyo atasema si nilikwambia. Lakini angalia vizuri, waliokataa hawakukataa kuweka dhamana, dhamana iliwekwa mizigo ikatoka, walichokataa ni kulipa ule mchango wenyewe mwishoni, na ilichukua miaka kumi na mawakili wa London. Kwa kontena moja huwezi kupigana peke yako, ila ukiweka dhamana hujapoteza haki yoyote, unaweza kuandika sentensi moja kwenye emaili yako kwa ajasta kwamba unaweka bila kukubali kuwajibika na unahifadhi haki zako zote dhidi ya mwenye meli. Halafu unafuatilia. Kama kampuni kubwa za bima za wenzako zitafungua kesi kuhusu chanzo cha moto, mathalani kontena la mkaa au betri lililoandikishwa kama kitu kingine na meli ilijua, matokeo yake yatakugusa na wewe. Unapoletewa hesabu ya mwisho ndo wakati wa kuuliza kama kuna waliokataa na kwa nini, kabla hujakubali chochote kikatwe kwenye amana yako. Usiache tu.

Mwisho kuna siku ya kufungua kontena. Wamesema ni zima, lakini wameliona kwa nje. Likifika Dar kabla hujavunja sili mwite sevea, yaani mkaguzi wa mizigo, na kama unaona alama za maji kwenye sakafu ya mbao au maboksi ya chini yamelegea mwambie apime chumvi. Wanatumia dawa ya matone inaitwa silva naitreti, tone likiguswa na maji ya bahari linageuka jeupe kama maziwa, maji ya mvua hayafanyi hivyo. Kwa meli iliyozimwa moto kwa maji ya bahari, hilo tone jeupe ni ushahidi wa kuanzia kwamba kulowa kwako huenda ni kafara na siyo kontena bovu lililovuja mvua, japo sevea ataangalia pia kontena lilikaa wapi melini na kama juu yake kulikuwa kunamwagwa maji. Ukiwa umelowa hivyo unageuka kutoka mdaiwa tu kuwa mdai, maboksi yaliyoharibika unafidiwa na mchango wako unapungua. Sufuria za alumini zikikaa kwenye chumvi wiki sita zinatoka madoa meupe ya vishimo, hazing'ai tena hata uzisugue, na hilo nalo lipigwe picha. Unamwandikia ajasta ndani ya miezi 12 tangu safari iishe, na ripoti ya sevea na picha za namba ya kontena na sili. Ukichelewa kanuni inamruhusu akadirie mwenyewe, na makadirio ya mtu aliye mbali hayatakuwa na huruma na wewe.

Ah na kama hilo kontena mlichangia watu kadhaa, hukusema, basi kila mmoja anadaiwa kwa mzigo wake na mkusanyaji mwenye BL kuu ndiye anayebanwa na kampuni ya meli kwa wote. Mmoja akigoma linagoma kontena zima. Waulize kama wale wenye vimizigo vidogo wanaweza kuondolewa, toleo la 2016 linamruhusu ajasta kuacha mzigo ambao kuuhesabu kutagharimu kuliko mchango wake, na mara nyingi ukimwandikia vizuri na orodha ya mizigo na thamani zake anakubali.